Kidole gumba kilichofunika "la": kuisoma lebo ya nguo kwa Kiarabu chepesi

Binti wa kaka yangu anafanya kazi Maskati, katika nyumba ambayo bibi mkubwa wa hapo bado anavaa abaya za kudarizi na bado anataka kujua kila nguo yake inafuliwaje. Siku moja nikapata picha kwenye simu: lebo nyeupe ya ndani ya abaya, imepigwa haraka, mwanga wa balbu umeng'aa katikati, na upande wa kulia umezibwa na kidole gumba chake. Chini yake kaandika: "Ami, nisomee. Bibi anataka nimwambie kwa Kiarabu, lakini Kiarabu cha kawaida, hiki cha lebo hakielewi mwenyewe."

Mimi nimefanya udobi Ruwi, huko huko Maskati, miaka mingi, kwa hiyo lebo nazijua kama mvuvi anavyojua nyavu zake. Kabla sijasoma chochote nilimwambia apige picha upya, na kile kidole akiondoe.

Kiarabu huanza kuliani, na neno la kukataza ndilo linalokaa mwanzo kabisa wa mstari. Neno lenyewe ni "la", herufi mbili zilizoshikana. Chini ya kidole chake palikuwa pamebaki mistari inayosomeka hivi: "yustakhdam mubayyidh", "yujaffaf fil-mujaffif". Ukiisoma hivyo ilivyo, lebo inakwambia dawa ya kung'arisha itumike na nguo ikaushwe kwenye mashine. Kidole kilipoondoka, kila mstari ukapata "la" yake mbele, na maana ikageuka kinyume chake: isitiwe dawa, isiingie kwenye mashine ya kukaushia. Mara nyingine mwizi wa "la" huwa ni mshono, pale fundi anapoishonea lebo kwa ubavu na sindano ikameza milimita mbili za ukingo. Nilipokuwa kazini tuliwahi kuunguza koti la mteja kwa sababu ya jambo hili hili. Mwenzangu alisoma "yukwa", yaani lapigwa pasi, akalipiga, na kitambaa kikakunjamana kama ngozi ya maziwa juu ya chai. Tulipokuja kuuvuta mshono kwa kucha, "la" ilikuwa imejificha humo ndani.

Ndiyo maana lebo ina maneno na michoro pamoja. Mstari ukisema "yukwa" na mchoro wa pasi una mkato wa X, ujue mstari umepungukiwa, wala usiufuate. X ni kubwa, imeukatiza mchoro mzima, na si rahisi kidole kuificha yote. Hata hivyo X nayo hufifia kwa kufuliwa, hasa kwenye lebo za satini zilizopigwa chapa badala ya kufumwa. Kwa hiyo picha nzuri hupigwa karibu na dirisha, bila taa ya simu, lebo ikiwa imenyooshwa juu ya kitu cheusi. Lebo nyingi siku hizi ni kijitabu cha kurasa mbili tatu, michoro iko kwenye ukurasa mmoja tu, na kurasa nyingine ni nchi iliyoshonwa na aina ya uzi. Piga zote, mbele na nyuma.

Sasa hicho Kiarabu. Huyu binti, kama sisi sote wa pwani, kasoma chuoni na herufi anazijua. Lakini msahafu una irabu, na lebo haina hata moja. Neno la kwanza kwenye lebo yake lilikuwa na herufi nne: ya, ghaini, sini, lamu. Yeye akalisoma "yaghsilu", yaani "anafua", akawa anajiuliza nani huyo anayefua. Kwenye lebo husomwa "yughsal": hufuliwa. Karibu vitenzi vyote vya lebo vina umbo hili la kutendwa, na hakuna mtu anayezungumza hivyo nyumbani. Bibi mkubwa hashindwi na herufi, ila hajawahi kusikia mtu akisema jikoni kwake "yujaffaf".

Dawa yake ni kuacha vitenzi na kutumia majina. Badala ya "yughsal bil-yad", mtu anasema "ghasil bil-yad": kufua kwa mkono. Badala ya "yukwa", sema "kayy", ambayo ni upigaji pasi wenyewe. "La yustakhdam" inageuka "mamnuu", yaani imekatazwa, na kila mtu Ghuba analielewa. "Faqat", neno la vitabuni lenye maana ya "tu", linakuwa "bas", ambalo sisi tumelichukua tukalipa irabu ya mwisho likawa "basi". Ukiwa na majina matano sita na hayo mawili, "mamnuu" na "bas", unaweza kumweleza mwenye nyumba lebo nzima bila kunyambua kitenzi hata kimoja.

Picha ya pili ilipofika, lebo ilisomeka vizuri. Ukurasa wa kwanza ulitaja kitambaa: buliyistar asilimia 72, fiskuz 25, ilastan 3. Hayo majina yameingia Kiarabu kutoka ng'ambo na ukiyatamka tu unayatambua: poliesta, viskosi, na ule uzi wa mpira unaovutika. Kama ingekuwa nguo ya asili angeyatambua kwa haraka zaidi, maana "harir" ni hariri yetu, "kattan" ni kitani, na "suf" ni sufu. Pamba tu ndiyo inayotukimbia, wao huiita "qutn".

Ukurasa wa pili ulikuwa na michoro sita kwa mstari. Michoro hii ni ya mfumo ulioanzia Ulaya. Shirika linaloimiliki, Ginetex, liliundwa Paris mwaka 1963, na baadaye ikaingizwa kwenye kanuni za kimataifa kwa namba ISO 3758. Mpangilio wake wa sasa ni kufua, kung'arisha, kukausha, kupiga pasi, na mwisho kazi ya dobi mwenye mitambo. Mpangilio huo huenda kutoka kushoto kwenda kulia hata kama maandishi ya chini ni ya Kiarabu yanayotoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo usidhani kwamba mchoro wa kuliani ndio wa mstari wa kwanza. Tazama umbo lake, nafasi yake iache.

Mchoro wa kwanza ulikuwa beseni lenye mkono ndani. Maana yake ni kufua kwa mkono, maji yasiyozidi digrii 40. Lakini mstari wa Kiarabu uliongeza "bi maa barid", maji ya baridi, na mchoro na maneno vikitofautiana hivi unafuata kile kilicho kikali zaidi. Hakuna nguo iliyoharibika kwa kufuliwa kwa upole kupita ilivyoandikwa. Kila alama kwenye lebo ni dari. Haikuamrishi ufike huko juu, inakuambia usipite. Beseni lenye 40 linaruhusu 30, pasi ya nukta mbili inaruhusu nukta moja.

Hapa kuna jambo ambalo mtengeneza lebo hakulifikiria. Maskati mwezi wa Juni bomba la baridi halitoi maji ya baridi. Tangi liko juu ya paa, jua limelipiga tangu asubuhi, na ukifungua bomba adhuhuri unaweza kuurudisha mkono kwa kasi. Aliyekuja jana kutoka Tanga hufungua bomba lenye alama ya buluu, anaingiza nguo, kisha anashangaa weusi wa abaya unatoka kama wino. Wenyeji wana ujanja wao: msimu wa joto huzima mtungi wa kuchemshia maji, ule ulio chooni ndani ya nyumba, na maji yaliyokaa humo yanapoa kwa ubaridi wa nyumba. Basi bomba la moto ndilo linakuwa la baridi. Nilimwambia achote huko, au ajaze ndoo usiku na kufua alfajiri.

Namba nazo zina mtego kidogo. Ndani ya beseni mara nyingi huandikwa kwa tarakimu hizi zetu, lakini mstari wa maneno unaweza kutumia tarakimu za Kiarabu cha mashariki, ambazo sifuri yake ni nukta, tano yake ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sita yake inafanana na saba yetu. Mtu akiona kitu kama "7" na nukta, hiyo ni 60. Akiona kiduara na nukta, hiyo ni 50.

Na ukikuta beseni lenye nukta badala ya namba, nguo hiyo inafuata michoro ya Marekani: nukta moja ni digrii 30, mbili ni 40, tatu ni 50. Vistari vilivyo chini ya beseni havihusu joto hata kidogo. Kimoja ni mzunguko wa upole kwenye mashine, viwili ni wa upole zaidi. Vistari hivi ndivyo vinavyopotea kwanza kwenye picha, maana hukaa ukingoni kabisa.

Mchoro wa pili ulikuwa pembetatu yenye X. Huu hauna utata: dawa ya kung'arisha mamnuu. Neno la lebo ni "mubayyidh", kutoka kwenye weupe, yaani kiyeupishi. Lakini nyumba nyingi za Ghuba haziliiti hivyo, huliita "kloroks", kama kwetu tunavyosema "jiki" hata chupa ikiwa ya kampuni nyingine. Ukimwambia bibi "mubayyidh mamnuu" atafikiri juu yake. Ukisema "kloroks mamnuu" ataitikia papo hapo. Pembetatu tupu ingeruhusu dawa yoyote, na pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari inaruhusu ile isiyo na klorini tu, ya aina ya unga wa oksijeni.

Mchoro wa tatu na wa sita ndio uliomsumbua, na umewasumbua wengi kabla yake. Wa tatu ni mraba wenye duara ndani, na X juu yake. Wa sita ni duara peke yake, lenye herufi P, na kistari chini. Na Kiarabu kinaongeza chumvi kwenye kidonda, kwa sababu maneno yake yote mawili yana mzizi mmoja wa ukavu: "yujaffaf", hukaushwa, na "tandhif jaf", usafi mkavu. Yeye aliyasoma akaona "jaf" mahali pawili, moja imekatazwa na nyingine imeruhusiwa, akadhani lebo imejipinga.

Haijajipinga. Mraba wenye duara ni mashine ya kukaushia, ile inayozungusha nguo kwenye hewa ya moto. Wao huiita "mujaffif". Duara peke yake ni kazi ya dobi mwenye mtambo wa dawa, ile tunayoiita draiklini, na jina lake linadanganya kwa Kiarabu kama linavyodanganya kwingine. Nguo inayopelekwa huko huloa chapachapa. Ukavu wake ni kwamba hakuna maji, kuna dawa inayoyeyusha mafuta. Herufi P au F inamwambia dobi dawa gani asiivuke, na kistari kinamwambia aende taratibu. Nyumbani huna la kufanya na herufi hizo. Cha kuangalia ni kama beseni limekatwa X. Likikatwa, na duara liko wazi, basi nguo hiyo ni ya kwa dobi tu, na hapo ndipo lebo huandika "tandhif jaf faqat". Beseni likiwa na mkono, kama la abaya yetu, duara ni ruhusa ya ziada. Bibi akitaka, aipeleke. Asipotaka, ifuliwe beseni.

Kwa nini mashine ya kukaushia imekatazwa na draiklini imeruhusiwa? Kwa sababu ya mikono ya abaya. Kulikuwa na vijiwe vinavyometa, vimegandishwa kwa gundi ya moto. Kilichogandishwa kwa joto hubanduka kwa joto, na ndani ya lile pipa linalozunguka vijiwe vitakwaruzana na kitambaa kwa dakika arobaini. Uzi wa ilastan nao haupendi kuchemshwa, hulegea ukabaki hivyo.

Mchoro wa nne ulioambatana na mraba ule ulikuwa mraba mwingine, wenye mstari mmoja wima na mshazari mdogo kwenye pembe ya juu kushoto. Mstari wima ni kuanika kwa kutundika; ungekuwa wa kulala ningemwambia ailaze juu ya taulo. Mshazari wa pembeni ni kivuli. Kwa Kiarabu chepesi: "nashr fi dhil". Watu wengi hawauoni huo mshazari, na ndio unaookoa weusi wa abaya, maana jua la huko linapausha nguo nyeusi mabegani ndani ya miezi michache hadi inakuwa rangi ya kahawa ya jana. Lebo iliongeza kwa maneno "la yu'sar", isikamuliwe. Viskosi ikiwa imeloa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na ukiisokota kama dekio hunyooka mahali pengine ikachanika pengine. Nilimwambia aitoe majini kwa kuibeba yote kwa mikono miwili, aikunje ndani ya taulo, alikandamize, kisha ndipo atundike.

Ikabaki pasi. Mchoro una nukta moja, na Kiarabu kinasema "yukwa ala harara munkhafidha min al-wajh ad-dakhili". Ukiuvua urembo, ni "kayy khafif, min dakhil": pasi hafifu, kwa ndani. Nukta za lebo zinalingana na nukta zilizo kwenye kirungu cha pasi yenyewe, na hapo ndipo pa kuangalia, si majina ya vitambaa yaliyoandikwa pembeni. Nukta moja ni kama digrii 110, mbili kama 150, tatu kama 200. Yeye aliniambia kwenye pasi yao poliesta imeandikwa nukta mbili, na abaya si poliesta? Ni kweli, lakini lebo ya nguo inahesabu kila kilichomo, pamoja na ile gundi ya vijiwe. Pasi inajua kitambaa peke yake.

Kwenye nukta moja mvuke hauruhusiwi, na hata ukiruhusiwa hautatoka. Pasi haijapata moto wa kuchemsha maji vizuri, kwa hiyo inatema matone na matone yanaacha alama kwenye kitambaa cheusi. Funga mvuke, mwaga maji. Kuigeuza nje ndani kuna sababu ya pili: poliesta nyeusi ikisuguliwa na pasi upande wa mbele hung'aa, mng'aro kama wa suruali ya shule iliyokaliwa sana, na mng'aro huo hautoki tena. Ishara ya kwanza kwamba moto umezidi ni pasi kuanza kushika. Ikiteleza uko salama. Ukihisi inavutwa kidogo, inua hapo hapo. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, upana wa vidole viwili, uache ipoe, ndipo utazame kwenye mwanga.

Nikamrekodia sauti, ajifunze kwanza kisha akamwambie bibi kwa mdomo wake:

"Hadhi, ghasil bil-yad bas, may barid. Kloroks mamnuu. Mujaffif mamnuu. Nashr fi dhil. Kayy khafif, min dakhil."

Bibi akamsikiliza hadi mwisho, akasema "zein", yaani vizuri, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: na mikono yenye vijiwe, hiyo pasi ipite juu yake au isipite? Lebo haikusema. Nikamjibu binti amwambie mikono isiguswe na pasi kabisa. Itundikwe bafuni mtu anapooga, mikunjo yake ijiachie yenyewe kwa ule unyevu, na kama kuna kukunjamana karibu na kiwiko, atandike kitambaa cha pamba juu yake, abonyeze kwa kiganja, bila pasi.

Akafanya hivyo. Kesho yake ikaja picha nyingine, ya kanzu ya bwana mdogo. Safari hii kidole hakikuonekana, ila lebo ilikuwa imepigwa juu chini.